Kuni Chache Si Lazima Moshi Mdogo

Alikuja kliniki ya kifua akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti iliyokatwa na kikohozi, kisha akakaa na kungoja pumzi imrudie kabla ya kuzungumza. Alikuwa na zaidi ya miaka sitini, hajawahi kuvuta sigara, na makohozi yalipopimwa hayakuonyesha kifua kikuu. Nilipomuuliza anapikia nini, mjukuu alijibu haraka, kwa fahari kidogo: "Daktari, bibi ana jiko banifu. Mradi ulikuja kijijini ukatujengea." Niliandika katika faili lake maneno matatu, "anatumia jiko banifu," kisha nikaendelea na swali lililofuata. Nilidhani kwamba suala la moshi lilikuwa limekwisha.

Miezi michache baadaye, katika ziara ya huduma za jamii huko milimani, nilifika nyumbani kwake. Kenchi za jikoni zilikuwa nyeusi, zikining'inia masizi kama nyuzi. Jiko lilikuwepo kweli: tuta kubwa la udongo uliochanganywa na mchanga, limesilibwa vizuri, lina mdomo mmoja mbele na tundu moja juu. Mdomoni mlikuwa na vigogo vinne vinene, vimesukumwa ndani mpaka hapakubaki nafasi ya kupitisha hata kidole. Sufuria ilikaa juu ya tundu, imelifunika barabara kama kifuniko. Moshi, kwa kukosa njia nyingine, ulitokea mbele na kumfuata bibi usoni. "Kuni linaokoa kweli, mwanangu," aliniambia. "Ila macho yangu hayajapata nafuu."

Sentensi hiyo ya bibi ndiyo chanzo cha makala hii. Alikuwa amesema, kwa lugha iliyo wazi kuliko vitabu vyangu, jambo ambalo sisi wahudumu wa afya tumekuwa tukilichanganya. Kupunguza kuni na kupunguza moshi ni kazi mbili tofauti, na jiko linaweza kuifanya moja na kushindwa nyingine. Maoni yangu ni kwamba neno "banifu" katika faili la mgonjwa halitoshi, kama ambavyo neno "dawa" lisingetosha. Ni lazima tujue jiko hilo linapitishaje hewa na kuta zake zinafanya nini na joto.

Tuanze na moshi wenyewe. Watu wengi huuona kama taka ya moto, kitu ambacho hakina budi kuwepo kama maji machafu baada ya kufua. Kwa kweli moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Kipande cha kuni kinapowekwa motoni, kwanza maji yaliyomo hukauka kwa kugeuka mvuke, na joto linalotumika hapo halipiki chochote. Kuni ikishapata nyuzi joto zaidi ya 200 na kuendelea, huanza kuvunjika na kutoa gesi na matone madogo ya lami. Hizo gesi ndizo zinazowaka kama ndimi za moto tunazoziona. Mwishoni hubaki kaa jekundu, ambalo huungua taratibu bila ndimi ndefu. Sehemu kubwa ya nguvu ya kuni imo katika zile gesi za katikati, na humo humo ndimo sumu inamotoka endapo hazitaungua.

Ili gesi hizo ziungue zote, zinahitaji mambo matatu kwa pamoja. Zinahitaji hewa ya kutosha, zinahitaji joto kali la nyuzi 600 au zaidi, na zinahitaji muda na msukosuko wa kuchanganyika na hewa hiyo kabla hazijagusa kitu cha baridi. Katika mafiga matatu hewa ipo tele, lakini joto hutawanyika pande zote, na upepo huzibeba gesi kabla hazijawaka. Katika jiko la bibi joto lilikuwepo kiasi, lakini hewa ilikuwa imezibwa. Matokeo yake ni mamoja: gesi hupoa, lami huganda kuwa chembechembe ndogo mno, na kaboni monoksidi hubaki ilivyo bila kugeuka kuwa kaboni dayoksidi. Chembechembe hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Kaboni monoksidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na hivyo damu huzunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa.

Sasa tutazame kwa nini kuni na moshi ni hesabu mbili. Moto wa mafiga, ajabu ni kwamba, huunguza kuni vizuri kuliko tunavyodhani. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nguvu iliyomo katika kuni kavu huweza kugeuka kuwa joto. Hasara kubwa huja baadaye, kwa sababu joto hilo halifiki chakulani. Kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20 tu inayoingia sufuriani, na iliyobaki hupasha hewa, ukuta na miguu ya mpishi. Kwa hiyo anayetaka kuokoa kuni hupata faida kubwa zaidi akilisukuma joto liingie sufuriani. Sehemu ile ndogo isiyoungua, ambayo haifiki hata moja ya kumi, ina uzito mdogo katika hesabu ya kuni lakini ndiyo yote katika hesabu ya mapafu.

Tuchukue mfano. Moto mmoja unaunguza asilimia 94 ya nguvu ya kuni na kuacha asilimia 6 iende kama moshi. Tukiuboresha hadi kuunguza asilimia 98, mpishi hataona tofauti yoyote katika mzigo wake wa kuni, kwa sababu joto limeongezeka kidogo mno. Lakini moshi umeshuka kutoka 6 hadi 2, yaani theluthi mbili zimeondoka. Kinyume chake, tukiisogeza sufuria karibu sana na moto na kubana njia ya hewa, joto zaidi litaingia chakulani na kuni zitapungua kwa kiasi cha kushangiliwa, huku moshi ukiongezeka kwa kuwa moto umekabwa na ndimi zinagusa chuma baridi kabla ya kumaliza kuungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya jiko la bibi. Mradi ulihesabu kuni, ukafurahi. Hakuna aliyeuhesabu moshi.

Wahandisi wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Baada ya tetemeko la ardhi la Guatemala la mwaka 1976, lilienea huko jiko lililoitwa Lorena, jina lililotokana na maneno mawili ya Kihispania yenye maana ya matope na mchanga. Lilikuwa tuta zito, lenye mashimo ya sufuria kadhaa na dohani ya kutoa moshi nje. Walioligundua waliamini kwamba udongo mnene ungehifadhi joto. Dohani ilifanya kazi yake na jikoni pakawa na hewa nzuri zaidi. Lakini lilipopimwa kwa uangalifu, ilionekana kwamba mara nyingi halikuokoa kuni, na wakati mwingine lilikula nyingi kuliko moto wa wazi uliotunzwa vizuri. Udongo ulikuwa ukilihifadhi joto kweli, ila ulilihifadhi mahali pasipohitajika.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nimelikuta hata kwa wenzangu wasomi: kudhani kwamba kitu kizito huhami joto. Kihami joto ni kitu chepesi, kilichojaa matundu madogo yenye hewa iliyotulia, kama jivu, pumba za mpunga zilizochomwa, au mawe mepesi ya volkano. Udongo mnene, matofali na saruji hufanya kinyume, kwani hunywa joto. Mtu akitaka kuona tofauti, afanye hesabu ya chai. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji joto la kilojuli 670 hivi. Tuseme kilo 40 za udongo wa jiko zinapanda kwa wastani wa nyuzi 100 wakati wa kupika. Udongo huo utakuwa umekunywa takriban kilojuli 3,600, yaani zaidi ya mara tano ya joto lililoingia kwenye chai, na sawa na karibu robo kilo ya kuni iliyoteketea kupasha ukuta. Kwa nyumba inayopika mfululizo toka asubuhi hadi jioni, hasara hiyo hugawanyika na kuwa ndogo. Kwa mzee anayewasha moto mara tatu kwa siku, kila mara kwa muda mfupi, hurudiwa karibu kila awashapo.

Lakini hasara ya kuni siyo ubaya pekee wa ukuta mzito. Moto uliowashwa ndani ya udongo baridi huishi kwa dakika nyingi za mwanzo ukinyonywa joto lake na kuta, na gesi hazifiki zile nyuzi 600 zinazohitajika. Ndiyo maana moshi mwingi zaidi wa jiko la namna hiyo hutoka katika kipindi cha kuwasha, wakati mpishi ameinama karibu na mdomo wa jiko akipuliza. Kwa sababu hiyo, anayekuambia kwa sifa kwamba jiko lake bado lina joto saa tatu baada ya chakula kuiva, amekupa dalili ya ugonjwa wa jiko. Joto hilo lilipaswa kuwa ndani ya sufuria.

Somo la Lorena lilimfanya mhandisi Mmarekani Larry Winiarski, aliyefanya kazi na kituo cha Aprovecho katika jimbo la Oregon, aanze upya katika miaka ya 1980. Badala ya tuta zito alitengeneza njia nyembamba ya moto yenye umbo la kiwiko: kuni huingia kwa mlalo, kisha ndimi hupanda wima katika mfereji mfupi uliozungukwa na kihami joto, na juu yake hukaa sufuria. Majiko mengi ya kuni yanayosifiwa leo yana asili yake katika kiwiko hicho. Kanuni zake ni chache, na mhudumu wa afya anaweza kuzielewa bila kuwa fundi.

Kanuni ya kwanza ni hewa ipite chini ya kuni. Ndani ya mdomo wa jiko huwekwa kichanja, yaani kipande cha bati au chuma kinachozibeba kuni juu na kuacha nafasi chini. Hewa ikipita hapo huota joto kutokana na makaa, kisha hupanda moja kwa moja ndani ya moto. Bila kichanja, hewa hupita juu ya kuni ikiwa baridi na kuupooza moto kabla ya kuusaidia. Kuni nazo zinapaswa kuungua kwenye ncha tu, na kusogezwa ndani kadiri zinavyoisha. Sehemu ya kati ya kuni ikianza kufuka ikiwa bado nje ya mfereji, moshi huo hauna tena nafasi ya kuungua.

Kanuni ya pili ni mfereji wa moto uwe mrefu kiasi na uhamiwe pande zote. Kama upana wake ni sentimita 12, urefu wa sentimita 30 au kuzidi kidogo unafaa. Joto linaloshindwa kutoroka kupitia ukutani huifanya hewa ya ndani iwe nyepesi, nayo hupanda kwa kasi na kuvuta hewa mpya kutoka chini. Kwa hiyo kihami joto hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hudumisha ukali wa moto unaohitajika ili gesi ziungue, na huongeza mvuto wa hewa. Mpishi hahitaji kupuliza. Mfereji ukiwa mfupi mno, ndimi hugusa sufuria kabla ya kumaliza kazi na kuacha masizi. Ukiwa mrefu mno, moshi hupungua zaidi lakini joto hupotea kabla ya kufika chakulani. Kila urefu ni mapatano kati ya mapafu na mzigo wa kuni.

Kanuni ya tatu ndiyo inayoharibiwa mara nyingi zaidi: njia ya hewa isibanwe popote. Nafasi inayoingia hewa na kuni, nafasi ya mfereji, na nafasi ya kutokea chini ya sufuria zinapaswa kuwa sawa kwa ukubwa. Mfereji wa upana wa sentimita 12 una eneo la sentimita za mraba 113 hivi. Ili hewa ipate nafasi hiyohiyo inapogeukia pembeni juu ya ukingo wa mfereji, sufuria inapaswa kuinuliwa sentimita 3. Na kama sufuria ya upana wa sentimita 24 imezungushiwa ukuta mwembamba wa bati ili hewa ya moto ipande ikiilamba kando, pengo kati ya bati na sufuria linapaswa kuwa sentimita 1 na nusu. Likiwa pana zaidi, joto hupita katikati bila kuigusa sufuria. Likiwa finyu mno, moto hukosa pumzi na moshi hurudi mbele. Hapo unaona jinsi kiasi kisichozidi upana wa kidole kinavyoweza kuamua kama jiko linaokoa kuni, linapunguza moshi, linafanya yote mawili, au halifanyi lolote.

Turudi nyumbani kwa bibi. Sikuwa na uwezo wa kumnunulia jiko jipya, na kijijini palikuwa na mama mmoja mfinyanzi aliyejua kazi yake. Tulianza na mambo yasiyo na gharama. Vigogo vinne vilitolewa, vikapasuliwa vyembamba kama kidole gumba, na kupangwa chini ya mapaa vikauke. Kipande cha bati kilikunjwa kuwa kichanja. Vijiwe vitatu vya urefu sawa viliwekwa kuzunguka tundu la juu ili sufuria isilifunike. Kwa siku hiyohiyo moshi wa mbele ulipungua, lakini kuni ziliongezeka kidogo, kwa kuwa moto sasa ulikuwa huru na ukuta mzito ulikuwa ungali unakunywa. Wiki chache baadaye mama mfinyanzi aliuchimba upya moyo wa jiko, akaweka mfereji wa udongo mwepesi aliouchoma baada ya kuuchanganya na vumbi la mbao, ambalo huungua tanuruni na kuacha matundu. Kati ya mfereji na tuta la zamani akashindilia jivu. Bibi akaniambia katika ziara iliyofuata kwamba mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha siku ya tatu sasa unafika siku ya tano, na kwamba chai inachemka kabla mjukuu hajamaliza kunawa uso.

Na kifua chake? Sina muujiza wa kusimulia. Hakohoi tena anapopika kama alivyokuwa akikohoa, na macho yamepata nafuu. Lakini kipimo cha kupuliza pumzi kilionyesha njia za hewa zilizobana kwa namna ambayo dawa haikuweza kuzifungua kikamilifu. Mapafu yaliyoharibika kwa miaka arobaini hayakui upya kwa sababu jiko limepata kichanja. Anaendelea kutumia dawa ya kuvuta, na nimemwomba mjukuu awe ndiye anayewasha moto, tena mlango ukiwa wazi, kabla bibi hajaingia jikoni.

Nalazimika kulisema hili wazi, kwa sababu ushahidi mpana unatuonya dhidi ya matumaini ya haraka. Huko Guatemala, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulizipa nyumba majiko yenye dohani. Watoto wa nyumba hizo walivuta takriban nusu tu ya kaboni monoksidi iliyovutwa na wenzao. Nimonia kwa jumla haikupungua kwa kiwango kinachoweza kuthibitishwa, ingawa nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi. Huko Malawi, katika wilaya za Chikhwawa na Karonga, utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 ulizipa nyumba majiko bora yenye feni ndogo ya kusukuma hewa. Nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano haikutofautiana na ile ya nyumba zilizobaki na moto wa wazi.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema kwamba majiko banifu hayana maana. Mimi siyasomi hivyo. Madhara ya moshi hayapungui kwa mstari ulionyooka. Moshi ukishuka kutoka mwingi sana hadi mwingi, mwili hupata nafuu ndogo. Nafuu kubwa huja katika ngazi za chini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa mwaka wa chembechembe ndogo usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa, ilhali jikoni mwa kuni huwa na mamia. Hata jiko zuri la kuni halitaifikisha nyumba huko. Tena nyumba nyingi hubaki na mafiga pembeni kwa ajili ya makande na maji ya kuoga, na moshi wa jirani hauulizi mpaka. Kwa hiyo jiko banifu la kuni nalihesabu kama fimbo ya kumsaidia mtu kuvuka, na ng'ambo ni gesi au umeme. Mkakati wa taifa letu wa nishati safi ya kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wamefika huko ifikapo mwaka 2034. Kwa bibi anayeokota kuni leo, jibu la leo ni hewa, kihami joto, kuni kavu na mlango wazi.

Onyo moja lazima litolewe kabla sijamaliza, nalo ni kuhusu mkaa. Jiko la mkaa lenye bitana ya udongo, ambalo lilienea Kenya tangu miaka ya 1980 na baadaye Tanzania, huokoa mkaa kwa kiasi kikubwa kuliko lile la bati tupu. Moshi wake hauonekani, kwa sababu gesi za lami ziliondoka tanurini wakati mkaa ulipotengenezwa. Kaboni monoksidi, hata hivyo, inabaki nyingi, haina rangi wala harufu, na mlango mdogo wa hewa ukifungwa ili mkaa udumu, huongezeka zaidi. Mgonjwa anayesema kwamba nyumbani kwake hakuna moshi, kisha akalalamikia kichwa na kichefuchefu kila jioni ya mvua, aulizwe kama jiko la mkaa huingizwa ndani kupasha chumba. Hakuna ubora wa jiko unaoruhusu kulala nalo.

Ombi langu kwa wenzangu wa zahanati na kliniki ni dogo. Tuache kuandika "jiko banifu" na kuishia hapo. Tuulize kama kuni zinakaa juu ya kichanja na hewa kupita chini, kama sufuria imeinuliwa au imeziba tundu, kama ukuta ni udongo mnene au una kitu chepesi ndani, na kama mafiga bado yanawashwa pembeni. Majibu manne hayo huchukua muda mfupi kuliko kupima presha, na yatatuambia kama kikohozi tunachokitibu mchana kinarudishwa kila jioni.

Nawe mgonjwa unayesoma, huhitaji chombo cha maabara. Moto ukishashika, tazama mdomo wa jiko: moshi ukitokea mbele, njia ya hewa imebanwa mahali fulani, basi anza na sufuria, kisha kuni. Futa kitako cha sufuria na ukitazame tena baada ya mapishi matatu: masizi mazito meusi ni gesi zilizogusa sufuria kabla ya kuungua. Na ukiona jiko lako bado linakupasha mkono muda mrefu baada ya kula, mwite fundi aangalie moyo wake. Kisha njoo utuambie kliniki, nasi tuandike katika faili kile ulichokiona.